Sarufi Inayozalisha Kila Kitu

Aliyesoma Kiswahili sekondari anaikumbuka kanuni iliyoandikwa juu kabisa ya ubao: S → KN + KT. Sentensi ni kirai nomino kinachofuatwa na kirai kitenzi. Chini yake mwalimu alichora matawi. KN ikagawanyika kuwa nomino na kivumishi, KT ikawa kitenzi na kielezi, mpaka kila tawi likaishia kwenye neno: mtoto mdogo analia sana.

Kanuni za aina hiyo zina sifa moja inayozitambulisha. Popote KN inapotokea, unaruhusiwa kuiondoa na kuweka vijenzi vyake bila kuuliza imekaa jirani na nani. Ndiyo maana tunaweza kuziita sarufi zisizojali muktadha. Noam Chomsky alizichambua mwaka 1956 alipokuwa akitafuta namna ya kueleza lugha za watu. Mwaka 1959 John Backus wa IBM alitumia kanuni za umbo hilo hilo kueleza lugha ya programu, na mwaka uliofuata Peter Naur akazitumia katika ripoti ya lugha ya ALGOL 60. Tangu hapo kompyuta inaposoma programu, kazi ya mwanzo mara nyingi ni ile ile ya ubaoni: kuchora matawi.

Sarufi ya namna hii tunaweza kuiuliza maswali mawili yanayofanana kama mapacha. La kwanza: je, ipo hata sentensi moja inayoweza kuzalishwa na sarufi hii? La pili: je, sarufi hii inazalisha kila mfuatano wa herufi unaowezekana, bila kubakiza hata mmoja? Swali la kwanza mwanafunzi makini hulimaliza kwa penseli. La pili halina utaratibu wa kulijibu. Hilo lilithibitishwa mwaka 1961 na Yehoshua Bar-Hillel, Micha Perles na Eli Shamir, waliokuwa Yerusalemu. Hawakusema kwamba utaratibu huo bado haujapatikana. Walithibitisha kwamba hauwezi kuwapo.

Inafaa kuona jinsi mapacha hawa wanavyoachana.

Pacha mpole

Tuanze na swali la kwanza. Chukua kalamu na upitie kanuni zote za sarufi. Kanuni ikiwa na herufi halisi tupu upande wa kulia, ile alama iliyo kushoto kwake itie tiki, kwa kuwa imeonyesha kwamba inaweza kufika mwisho. Pitia tena. Safari hii tia tiki kila alama yenye kanuni ambayo upande wake wa kulia una herufi halisi na alama zilizokwisha kutiwa tiki tu. Endelea hivyo, na duru isipoongeza tiki mpya, simama. Alama ya mwanzo, yaani S, ikiwa na tiki, sarufi inazalisha kitu. Ikikosa, haizalishi chochote: matawi yake yataendelea kuchipua bila kufika kwenye neno.

Kazi hii lazima iishe, kwa sababu kila duru inaongeza tiki moja au zaidi, na alama za sarufi zinahesabika. Sarufi yenye alama 20 haiwezi kukupitisha kwenye duru zaidi ya 21. Huo ndio utaratibu kwa maana halisi ya neno: unafuatwa bila ubunifu, unafanya kazi kwa sarufi yoyote, na una mwisho unaojulikana mapema.

Swali la pili linaonekana kama la kwanza lililopinduliwa. Badala ya kuuliza kama sarufi inazalisha kitu, tunauliza kama kuna kitu inachokiacha. Mtu angetarajia hila ile ile ifanye kazi: tuandike sarufi ya vile vilivyoachwa, kisha tuitie tiki. Shida ni kwamba vilivyoachwa na sarufi isiyojali muktadha mara nyingine haviwezi kuelezwa na sarufi yoyote ya aina hiyo. Upande wa ndani una kanuni, upande wa nje huenda hauna.

Kadi za Post

Ili kuona mlango unavyofungwa, tunahitaji mchezo wa kadi uliobuniwa mwaka 1946 na Emil Post, mwanahisabati wa New York. Kila kadi ina neno juu na neno chini. Unazipanga kadi kwa mstari, na kila moja unaweza kuitumia mara nyingi upendavyo. Unashinda ukipata mpangilio ambao maneno ya juu yakiunganishwa yanasomeka sawasawa na maneno ya chini yakiunganishwa.

Tuseme tuna kadi tatu:

```
kadi 1:  juu ab   chini a
kadi 2:  juu aa   chini b
kadi 3:  juu b    chini aabb
```

Anza na kadi 1. Juu pana ab, chini pana a, kwa hiyo juu kumetangulia kwa b. Kadi 2 inalipa deni hilo kwa b yake ya chini, ila inaongeza aa juu. Weka kadi 1 tena, kisha kadi 3. Juu unasoma ab, aa, ab, b: abaaabb. Chini unasoma a, b, a, aabb: abaaabb. Umeshinda kwa mpangilio 1, 2, 1, 3.

Mpangilio mfupi kuliko huo haupo. Kadi 1 na kadi 2 kila moja hurefusha upande wa juu kwa herufi moja zaidi ya chini, na kadi 3 hurefusha chini kwa herufi tatu zaidi. Ili pande mbili zilingane, kila kadi 3 inahitaji wenzake watatu. Kwa hiyo ushindi wowote unataka kadi nne au zaidi.

Hesabu kama hiyo imetusaidia kwa kadi hizi. Kwa kadi nyingine haisaidii. Zipo kadi tatu, zisizo na neno linalozidi herufi tatu, ambazo ushindi wake mfupi kabisa unahitaji kadi 75 mfululizo: juu 100, 0 na 1, chini 1, 100 na 00. Ukizitazama mezani hakuna kinachodokeza urefu huo.

Post alithibitisha kwamba hakuna utaratibu unaoweza kupokea seti yoyote ya kadi na kusema kwa uhakika kama ina ushindi. Kiini cha ushahidi ni kwamba kadi zinaweza kuandikwa zifuate kazi ya kompyuta hatua kwa hatua: upande mmoja unaandika hali ya mashine ilivyo sasa, mwingine unaandika hali itakayofuata, na pande hizo zinalingana endapo tu mashine itafika mahali ikasimama. Anayeweza kujibu kila swali la kadi angeweza pia kutabiri kama programu yoyote itamaliza kazi au itazunguka milele. Utabiri huo Alan Turing alikwisha kuonyesha mwaka 1936 kwamba hauwezekani. Kama ungekuwapo, ungeweza kutunga programu inayouliza utabiri juu yake yenyewe kisha ifanye kinyume: ikiambiwa itasimama, izunguke, ikiambiwa itazunguka, isimame.

Sarufi ya waongo

Sasa turudi kwenye sarufi. Mtu anayedai ameshinda mchezo tunamtaka aandike dai lake kwa namna moja: namba za kadi kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza, kisha alama ya #, kisha neno lililopatikana. Ushindi wetu utaandikwa 3121#abaaabb. Namba zinarudi nyuma ili kadi ya kwanza ikae karibu na # pamoja na herufi zake, kadi ya pili ikae nje kidogo, na kadhalika, kama vyungu vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine.

Dai ni la kweli likitimiza mambo mawili kwa pamoja: neno lifuate maandishi ya juu ya kadi zilizotajwa, na neno hilo hilo lifuate ya chini. Sharti moja peke yake sarufi inalimudu. Kanuni hizi zinazalisha madai yote yanayofuata maandishi ya juu:

```
T -> # | 1 T ab | 2 T aa | 3 T b
```

Lakini masharti mawili kwa pamoja yanaishinda. Sarufi isiyojali muktadha ina kumbukumbu ya aina moja, kama rundo la sahani jikoni: unaweka juu na unaondoa juu. Ukishaliondoa rundo lote kwa kulinganisha namba na maandishi ya juu, huna tena cha kulinganishia na ya chini. Kwa jumla, hakuna sarufi ya aina hii inayozalisha madai ya kweli peke yake.

Hapo ndipo watafiti wa Yerusalemu walipogeuza meza. Kama huwezi kuandika sarufi ya wakweli, andika ya waongo. Mkweli lazima awe sawa kila mahali, ila mwongo anakamatwa kwa kosa moja. Kosa hilo liko ama upande wa juu, ama upande wa chini, ama katika umbo la dai. Sarufi haihitaji kulinganisha pande zote mbili. Inachagua upande mmoja wenye kosa, inalionyesha kosa, na yanayobaki inayaacha yawe yoyote.

Kosa la upande wa juu linaandikwa hivi:

```
K -> 1 T aa | 1 T ba | 1 T bb
K -> 2 T ab | 2 T ba | 2 T bb
K -> 3 T a
H -> K | 1 H | 2 H | 3 H | H a | H b
```

T inajenga sehemu iliyo sahihi kuanzia kwenye # kwenda nje. K inaweka kadi moja yenye neno lisilo lake: kadi 1 ilipaswa kuleta ab, hapa inaletewa aa, ba au bb. H inaongeza namba na herufi zozote kwa nje, kwa kuwa dai limekwisha kuharibika.

Tujaribu dai la uongo 3121#abaaaab. Kutoka # tunakwenda nje: kadi 1 na ab, sawa. Kadi 2 na aa, sawa. Kadi 1 tena ilipaswa kupata ab, ila herufi mbili zinazofuata ni aa. K inalinasa hapo hapo. Kadi 3 na b ya mwisho zinaongezwa na H, na dai zima limezalishwa.

Kanuni chache zaidi zinakamata madai ambayo herufi zimeisha kabla ya kadi, au kadi zimeisha kabla ya herufi. Nyingine zinakamata umbo baya: dai lisilo na #, lenye # mbili, lenye herufi mahali pa namba au namba mahali pa herufi, au lisilotaja kadi hata moja. Kisha tunaandika kanuni kama hizo kwa upande wa chini, na S inaruhusiwa kuchagua aina yoyote ya kosa. Sarufi imekamilika, na ukurasa mmoja wa daftari unaitosha.

Sasa uliza swali la pacha wa pili. Je, sarufi hii inazalisha kila mfuatano wa alama zake sita: a, b, 1, 2, 3 na #? Inazalisha kila uongo na kila upuuzi. Inachokiacha ni madai ya kweli tu. Kwa hiyo inazalisha kila kitu endapo tu hakuna dai la kweli hata moja, yaani endapo tu kadi hazina ushindi. Kadi zetu zina ushindi, basi sarufi hii haizalishi kila kitu: inakosa 3121#abaaabb, na marudio yake.

Na kwa sababu ujenzi huu unafanyika kwa kadi zozote bila kufikiri, mwenye utaratibu wa kujibu swali la sarufi angekuwa na utaratibu wa kujibu swali la kadi. Kwa kuwa wa kadi haupo, wa sarufi pia haupo.

Yanayofuata

Mlango huo ukifungwa, mingine inafungwa nayo. Tuseme mtaalamu wa programu ameandika upya sarufi ya lugha ili isomeke vizuri, naye anataka uhakika kwamba ile ya zamani na hii mpya zinazalisha vitu vile vile. Sarufi inayozalisha kila kitu ni rahisi sana kuandika kwa makusudi, mstari mmoja unatosha. Kama kungekuwa na utaratibu wa kulinganisha sarufi mbili zozote, tungeulinganishia sarufi ya waongo na mstari ule mmoja, na swali la kadi lingejibika. Basi kulinganisha sarufi zozote mbili nako hakuna utaratibu.

Swali jingine ni la utata. Ukisema mtoto wa mwalimu mgonjwa, msikilizaji hajui anayeumwa ni mtoto au mwalimu, kwa kuwa nomino zote mbili ziko ngeli moja na kivumishi kinapatana na yoyote. Miti miwili inachorwa juu ya maneno yale yale. Sema kitabu cha mwalimu kizuri, na ki- inamaliza ubishi. Lugha za kompyuta hazina ngeli za kuziokoa, na ALGOL 60 ilivyoelezwa mwanzoni ilikuwa na utata maarufu: masharti mawili yakifuatana na kukawa na neno la „vinginevyo” moja tu, haikujulikana ni la sharti lipi.

Je, tunaweza kuitambua kila sarufi yenye utata? Kadi zile zile zinajibu. Andika kanuni za T kwa upande wa juu, na nyingine za umbo hilo hilo kwa upande wa chini, kila upande ukidai kadi moja angalau. Kisha iruhusu S ichague upande wowote. Mfuatano 3121#abaaabb utapata miti miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, kwa sababu ni ushindi. Kadi zisipokuwa na ushindi, hakuna mfuatano utakaopata miti miwili. Kuutambua utata ni kuutambua ushindi, na hilo tumekwisha kulikosa.

Watengenezaji wa lugha za programu hawakukaa wakilia. Walijifungia katika aina ndogo ya sarufi, zile ambazo msomaji anakwenda kutoka kushoto kwenda kulia na kila hatua ana uamuzi mmoja tu. Donald Knuth aliielezea aina hiyo mwaka 1965. Kwa lugha za namna hii, vilivyoachwa nje navyo vinaelezeka kwa aina hiyo hiyo, basi hila ya tiki inarudi kufanya kazi na swali la kila kitu linajibika. Swali la kulinganisha mbili lilikuwa gumu zaidi, na lilisubiri mpaka mwaka 1997, Géraud Sénizergues wa Bordeaux alipothibitisha kwamba utaratibu upo. Sarufi ya waongo haimo katika aina hiyo. Nguvu yake ni kubahatisha kosa liko upande gani, na msomaji mwenye uamuzi mmoja hana ruhusa ya kubahatisha.

Skrini mbili

Asiyetaka kujifungia anabaki na njia ya mkono: kujaribu mifuatano mmoja mmoja, kuanzia mifupi, akiangalia kama sarufi inaizalisha. Kuangalia mfuatano mmoja si tatizo, kompyuta inaumaliza haraka. Na ukikutwa mmoja uliokosekana, jibu ni la uhakika: sarufi haizalishi kila kitu, ushahidi huu hapa.

Kwa sarufi yetu, atapitia mifuatano yote ya alama moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja, asikute pengo. Kwenye alama 12 kuna mifuatano 2,176,782,336. Yote inazalishwa isipokuwa mmoja.

Sasa badili herufi moja tu. Chini ya kadi 3, badala ya aabb andika aaba. Tazama herufi za mwisho: kadi 1 inaishia b juu na a chini, kadi 2 a juu na b chini, kadi 3 b juu na a chini. Kadi yoyote utakayoiweka mwisho wa mstari, herufi ya mwisho ya juu haitafanana na ya chini. Ushindi haupo, na sarufi ya waongo ya kadi hizi inazalisha kila kitu.

Sisi tumeliona hilo kwa kutazama miisho, jicho lililobahatika kwa kadi hizi tatu. Anayejaribu mfuatano mmoja mmoja halioni. Mpange mtu huyo mbele ya skrini mbili, moja ikichunguza sarufi ya kwanza na nyingine ya pili. Mpaka alama ya kumi na moja zote mbili zinasema kitu kimoja: bado hakuna pengo. Kwenye alama 12 ya kwanza inasimama na jibu. Ya pili inaendelea na alama 13, 14, 15, na hakuna kitakachotokea juu yake kumwambia kwamba anaweza kwenda nyumbani.